Nani ashike ulimi, nani ashike mikono? Kupanga kipindi cha watu wawili

*Asalaam aleikum walimu wa safu. Nafundisha Gredi ya 3 hapa Lamu, watoto 44. Tangu muhula uliopita nimepewa msaidizi wa darasa anayelipwa na wazazi. Ni mama wa makamo, hapa mtaani sote twamwamkia shikamoo, nami ni mdogo kwake kwa miaka mingi. Hukaa nyuma na watoto watano walio wazito wa hesabu. Daftari zao zina tiki tupu, lakini nikiwapa jaribio peke yao hawapati kitu. Nikiwa ubaoni yeye husubiri tu, na nilipojaribu kumuuliza alinijibu, "Mwanangu, mimi sijui wataka nifanye nini." Wiki ijayo tunaingia kutoa kwa kuvunja kumi. Muda wetu wa kukaa pamoja ni dakika kumi za chai, basi. Nikipange vipi kipindi hiki ili kila mmoja ajue kazi yake, wala nisimvunjie heshima?*

*Mwalimu wa Gredi ya 3, Lamu*

Waalaikum salaam, mwalimu mwenzetu.

Msaidizi wako amekujibu vizuri kuliko ulivyodhani. Hajui kwa sababu hakuambiwa, na mtu ambaye hakuambiwa hufanya lile linaloonekana kwa macho: anahakikisha kazi ya mtoto inaisha. Tiki zikijaa daftarini na jaribio likawa tupu, jua kuna mkono wa mtu mzima kati ya mtoto na jibu. Uingereza kulifanyika utafiti mkubwa juu ya wasaidizi wa darasa kati ya mwaka 2003 na 2008, ukiongozwa na Peter Blatchford, ukakuta jambo hilohilo: watoto waliosaidiwa zaidi na wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa kiwango sawa waliosaidiwa kidogo. Watafiti hawakuwatupia lawama wasaidizi. Waliona kwamba wengi waliingia darasani bila kukaa na mwalimu hata kidogo, na kwamba maneno yao kwa mtoto yalilenga kumaliza zoezi.

Kwa hivyo usianze kwa kugawa watoto, hawa wangu na hawa wako. Anza kwa kugawa kazi, dakika kwa dakika, na zaidi zile dakika ambazo wewe unasema. Hapo ndipo msaidizi hupotea.

Kabla ya hayo, chagua hesabu yenyewe kwa makini, kwani ndiyo itakayowapa nyote wawili kitu cha kutazama. Wengi wangeandika ubaoni 42 – 17. Ni hesabu mbaya kwa kazi hii. Katika kuvunja kumi watoto hukosea hasa kwa njia mbili. Wa kwanza hugeuza: anaona 2 haitoshi kutoa 7, basi anatoa 2 kwenye 7, anapata 5, halafu 4 toa 1 ni 3, jibu 35. Wa pili huvunja kumi sawasawa, 12 toa 7 ni 5, lakini husahau kwamba kumi moja imeondoka kwenye makumi, anatoa 1 kwenye 4 na kupata 35 vilevile. Makosa mawili tofauti, jibu moja. Ukilitazama jibu hujui ni nani unayezungumza naye. Hutokea hivyo kila tarakimu mbili za mamoja zikitofautiana kwa 5.

Andika 43 – 17. Aliyeelewa atapata 26. Aliyegeuza atapata 34, na aliyesahau atapata 36. Sasa msaidizi wako, hata kama hajasomea ualimu, anaweza kupita kati ya madawati na kutambua kosa la kila mtoto kwa kutupa jicho tu. Umempa kazi ya maana, na haimchukui dakika tano.

Vifaa ni chelewa za ufagio, nazo huko kwenu hazinunuliwi. Katakata vipande vya urefu wa kidole, ncha nyembamba itupwe maana hukatika mikononi. Watoto wakikaa wanne wanne mtakuwa na makundi 11. Kila kundi lipate kopo moja lenye vibunda vitano vya kumi na vipande vitano visivyofungwa, yaani 55. Kwa makundi yote ni vipande 605, na chelewa moja ikitoa vipande sita, chelewa mia moja na kidogo zinatosha. Fungeni kwa mipira ile ya kufungia noti. Ukindu ni mzuri kwa macho lakini fundo lake litakula dakika tatu za kipindi, na mtoto akishindwa kulifungua atalikata, kesho huna kibunda.

Sasa zile dakika kumi za chai. Zitumieni siku moja kabla, wala msingoje asubuhi ya kipindi. Hazitoshi kumfundisha mtu kazi, lakini zinatosha kumwonyesha karatasi moja na kuifanya hesabu ile mara moja kwa chelewa, yeye akiwa ndiye anayefungua kibunda. Karatasi yenyewe iwe fupi kama hivi:

Dakika 0–4. Mwalimu: anaandika 43 – 17, ananyamaza, anapita upande wa dirisha. Msaidizi: anapita upande wa mlango. Wote wawili: tiki, G au S mbele ya jina.
Dakika 4–11. Mwalimu: anasema. Msaidizi: anatenda kwa chelewa mezani mbele, hasemi.
Dakika 11–24. Mwalimu: watoto wa G na wa majibu mengine. Msaidizi: watoto wa S, amekaa akiwaona wa tiki.
Dakika 24–28. Kila mtoto peke yake: 52 – 28. Hakuna anayesaidia.
Dakika 28–30. Mwalimu: anafunga kipindi. Msaidizi: vikaratasi na makopo.

G ni kugeuza, S ni kusahau. Kila mmoja wenu awe na orodha ya majina ya upande wake, watoto 22. Jibu lisilo 26, 34 wala 36 liandikwe lilivyo, msibabaike nalo.

Zile dakika nne za kwanza ni ngumu kwa walimu kuliko kwa wasaidizi, kwa sababu zinataka ukimya. Mtoto akikuuliza "Mwalimu, ni hivi?", mwambie aandike anavyoona. Ukimrekebisha mmoja umeharibu picha ya darasa. Mwombe na msaidizi afanye vivyo hivyo, na umweleze sababu, la sivyo ataona ni ukatili kumpita mtoto aliyekosea bila kumgusa.

Tuseme mmepata hivi: watoto 12 wana 26, watoto 17 wana 34, watoto 9 wana 36, na 6 wana majibu yao wenyewe. Jumla 44. Kwa hesabu hiyo makundi ya dakika ya 11 yameshajipanga yenyewe, wala huhitaji kuwataja watoto wazito. Pengine wale watano wa nyuma utawakuta wametawanyika, wengine kwenye G, mmoja kwenye S, na huenda mmoja akawa na tiki.

Dakika ya 4 hadi ya 11 ndiyo kiini cha kufundisha kwa pamoja. Wewe ni ulimi, yeye ni mikono. Mezani mbele kuna vibunda vinne na vipande vitatu, hakuna kingine. Kosa linalotokea sana ni kupanga chelewa 43 upande mmoja na 17 upande wa pili, mtoto akaona 60 na kuanza kujumlisha. Ile 17 haiwekwi mezani, huandikwa kwenye kadi kwa sababu ni amri ya kutoa. Unauliza, "Tutoe saba. Vipande visivyofungwa ni vitatu. Twapata wapi?" Unanyamaza. Msaidizi naye mkono wake umetua juu ya meza, haugusi kitu. Watoto wakisema kibunda kifunguliwe, hapo ndipo anapokivuta kando, anauvua mpira, na kuvimwaga vipande kumi karibu na vile vitatu. Akiutangulia ulimi wako kwa sekunde mbili tu, watoto wataangalia mikono yake na swali lako limekufa. Zoezi la wakati wa chai ni la kulinda jambo hilo hasa.

Na kubalianeni neno. Wengi wetu tulifundishwa "kukopa", na ni neno bovu, maana katika hesabu hii harudishi mtu. Mtoto anayekopa huona deni, anayevunja kumi huona kibunda kimefunguka na kimoja kimepungua. Chochote mtakachochagua, kiwe kimoja mdomoni mwenu wote wawili. Wewe ukisema "vunja kumi" naye nyuma akasema "kopa kwa jirani", mtoto ana hesabu mbili kichwani.

Kisha makundi. Wewe chukua walio mbali zaidi, wale wa G na wenye majibu mengine, 23. Mazoea ni kinyume chake, mwalimu kubaki na wengi walio sawa na msaidizi kupewa wagumu, na ndiyo njia ya uhakika ya kumpa mtoto mwenye shida kubwa mtu mwenye mafunzo madogo. Mtoto aliyegeuza anahitaji mtu anayejua kwa nini aligeuza. Mara nyingi ameshikilia kanuni aliyoambiwa na mtu mzima zamani, kwamba ndogo hutolewa kwenye kubwa, naye anaitumia kwa kila safu peke yake bila kuiona 43 kuwa namba moja. Kwa kundi hili kalamu zikae chini. Wafanye kwa chelewa tupu: 43 toa 17, halafu 31 toa 14, halafu 54 toa 26. Wakishaona kwa mikono kwamba vibunda hupungua ndipo waandike. Wakiandika mapema watarudi kwenye safu zao.

Watoto wa S ni 9, makundi matatu ya watatu, na shida yao ni moja na nyembamba. Wanajua kufungua kibunda, hawaandiki kilichotokea. Hii ni kazi ambayo msaidizi aliyeandaliwa anaiweza kabisa. Sheria yake ni ya mpangilio: kibunda kikitoka mahali pake, 4 ikatwe na 3 iandikwe juu yake papo hapo, kabla ya kuhesabu vipande vilivyomwagika. Mtoto akianza na kuandika 13 kwenye mamoja, akili inahamia huko na 4 inabaki nzima. Msaidizi ana swali moja tu la kurudia: "Kibunda kimetoka. Kwenye makumi tuandike nini?"

Na wale 12 wenye tiki? Wape kazi ambayo haiishi haraka. Watunge wenyewe hesabu ya maneno inayotaka kuvunja kumi na ambayo jibu lake ni 26. Mtoto akiandika kwamba punda wameleta matofali 43, fundi ametumia 17, hadithi ni nzuri, lakini asitumie namba hizo za ubaoni. Atafute 51 na 25, au 64 na 38, na ahakikishe kwa kujumlisha. Watapiga kelele kidogo. Ndiyo maana msaidizi akae akiwatazama.

Lililobaki ni lile la mkono kati ya mtoto na jibu. Mpe msaidizi ngazi ya kushuka, aibandike ndani ya jalada la daftari lake. Kwanza anangoja. Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyechunguza madarasa ya sayansi na kuandika juu yake mwaka 1974, alikuta walimu wakishauliza swali hungoja kama sekunde moja tu, na kwamba kungoja sekunde tatu au zaidi huleta majibu marefu na watoto wengi zaidi wanaojaribu. Msaidizi ahesabu moja mpaka tano kimoyomoyo. Ikishindikana, anauliza bila kuonyesha: "Ulikuwa unafanya nini hapa?" Ikishindikana, anatoa dokezo dogo: "Tazama vibunda vyako." Ikishindikana tena, anafanya mbele yake hesabu nyingine, tuseme 32 – 15, mtoto akitazama, halafu anamrudishia 43 – 17 yake. Kumwambia jibu kuko chini kabisa ya ngazi, na akifika huko aweke nukta mbele ya jina la mtoto. Penseli ibaki mkononi mwa mtoto kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni kanuni ndogo lakini ukiikagua hiyo peke yake utajua mengine yote.

Kuhusu heshima, karatasi itakuondolea nusu ya mzigo, kwa sababu si wewe unayemwamrisha mama wa watu mbele ya watoto, ni mpango mlioutazama pamoja. Nusu ya pili iko katika namna unavyouleta. Mwamkie kama kawaida, umwekee chai, halafu useme hivi: "Mama, watoto wetu nimewaona wakipata tiki kisha wanashindwa, na mimi ndiye sikukuelekeza. Kesho nataka mikono yako." Ni kweli, kwa hivyo haitasikika kama ujanja. Muulize pia anavyowajua hao wa mtaani kwake, nani huogopa kuitwa mbele, nani hafungui kinywa mpaka aulizwe kwa lugha ya nyumbani. Hayo wewe huenda huyajui. Darasani muite Mwalimu na watoto wamuite hivyohivyo. Akikosea wakati wa kipindi usimsahihishe kwa sauti. Wekeni ishara, kwa mfano wewe kuweka chaki juu ya meza yake maana yake asogee kwa mtoto mwingine, na muizungumze baadaye mkiwa wawili.

Dakika ya 24 makopo yafunikwe. Hesabu ya mwisho ni 52 – 28, kila mtoto kwenye kikaratasi chenye jina lake. Jibu ni 24, aliyegeuza atapata 36, aliyesahau atapata 34. Angalieni hapo: 36 ya sasa ni kugeuza, wakati 36 ya mwanzo ilikuwa kusahau. Msipoandika hili juu ya karatasi yenu, mmoja wenu atapanga vikaratasi kinyume.

Watoto wakishatoka, rundikeni vikaratasi mafungu mafungu kwa jibu. Dakika tatu zinatosha, hata mkiwa mmesimama. Linganisheni na G na S za mwanzo. Mtoto mwenye nukta ya msaidizi ambaye kikaratasi chake ni sahihi, hakuna neno. Mwenye nukta na jibu baya, huyo bado anabebwa, na kesho ndiye atakayekaa nawe. Kama kundi lote la msaidizi lilikuwa sahihi dakika ya 20 na likaanguka dakika ya 28, msimtafute mkosaji kwa watoto. Rudini kwenye ngazi, mwulize alishuka mpaka wapi na kwa nini. Mara nyingi atakwambia muda ulikuwa unaisha na mtoto alikuwa nyuma ya wenzake. Mwambie wazi kwamba hesabu mbili alizofanya mtoto mwenyewe zinakutosha, hutaki tano.

Siku msaidizi asipofika, usijaribu kuendesha mpango huu peke yako. Fanya sehemu mbili za kwanza, mtoto mmoja mrefu awe mikono mezani, kisha darasa zima lifanye kwa chelewa. Makundi yangoje.

Na kabla ya kufunika makopo, msaidizi ahesabu: vibunda vitano, vipande vitano. Aviminye vibunda kimoja kimoja. Kibunda chenye vipande tisa hakionekani kwa macho, na mtoto atakayekifungua kesho atafanya kila hatua sawasawa na kupata jibu baya.